Hodi imesikika, jina halikusikika: niliyowaambia mafundi na wenye steshenari kuhusu vifaa vya USB na draiva

Wale mliokosa kikao cha Jumamosi mmeniomba niweke nilichoongea, basi ndio hiki kizima, nimeacha maneno kama yalivyotoka mdomoni, picha za ukutani nimeziruka.

Wakubwa shikamooni, vijana wenzangu habari za kazi, dada zangu wa steshenari karibuni mkae mbele huku maana leo naongelea kitu kinachowapotezea hela kila wiki.

Naomba mnyooshe mikono kweli kweli. Nani hapa ameshachomeka printa au modemu au flashi ya mteja, halafu pale chini kulia ikatokea "USB device not recognized"? Naona karibu wote. Haya, mikono ibaki juu. Nani kati yenu kitu cha kwanza kufanya baada ya hapo alikimbilia gugo kutafuta draiva? Mikono ileile! Sasa sikilizeni. Kwa ujumbe huo, kama ulivyoandikwa hivyo hivyo, draiva ya kile kifaa haikusaidii. Narudia kwa waliokaa nyuma: draiva ya kile kifaa haikusaidii, hata udanlodi mpaka bando liishe. Kwa nini? Kwa sababu kompyuta inakwambia haijasikia hata jina la mgeni, na draiva huwa inatafutwa kwa jina.

Kuna ujumbe mwingine unaofanana na huo, wenye pembetatu ya njano ileile, na huo ndio wa draiva. Watu tunauchanganya na huu kila siku. Leo nataka tukitoka hapa kila mtu aweze kuvitofautisha hivi viwili kwa dakika moja.

Tuanze mwanzo kabisa. Mgeni akifika nyumbani kwako anafanya nini? Anapiga hodi. Sasa flashi inapiga hodi vipi, mkono haina, mdomo haina? Kebo ya USB ya kawaida, hii ya USB 2 ambayo ndio ipo kwenye printa zetu nyingi, ina nyaya nne. Mbili za umeme, yaani volti 5 na ardhi, na mbili za data ambazo mafundi tunaziita D+ na D-. Kama hakuna kitu kimechomekwa, kompyuta inazishikilia zile nyaya mbili za data chini, karibu na volti sifuri, kwa rezista za kilo-omu 15. Ndani ya kifaa kuna rezista ndogo ya kilo-omu 1.5 inayovuta waya mmoja tu kwenda juu, kwenye volti 3.3. Kwa printa, flashi, modemu waya unaovutwa ni D+. Kwa mausi na kibodi nyingi za bei rahisi zinazoenda polepole ni D-. Hiyo ndio hodi, waya mmoja kupanda. Kompyuta ikiona D+ imepanda inajua hapa kuna mtu mlangoni, na ikiona ni D- inajua mgeni ni wa mwendo wa polepole, yote hayo kabla hawajasemeshana hata neno moja.

Mwenyeji hafungui mlango papo hapo. Anasubiri kama milisekunde 100, sehemu ya kumi ya sekunde, mpaka plagi itulie maana mkono wa mtu unatikisika wakati wa kuchomeka. Halafu anakirudisha kifaa sifuri, kama kumwambia mgeni simama hapo kwanza, sahau ya safarini, tuanze upya. Baada ya hapo kifaa chochote kipya kinaitikia anwani namba 0. Wageni wote wapya wanaitikia hiyo hiyo, ndio maana kompyuta inapokea mmoja mmoja, haipokei wawili kwa pamoja kwenye njia moja. Halafu inauliza swali la kwanza: wewe ni nani? Na inampa mgeni anwani yake mwenyewe, kuanzia 1 mpaka 127, ile 0 ibaki wazi kwa anayekuja nyuma yake.

Jibu la lile swali la wewe ni nani ni fupi sana, lina baiti 18 tu. Kwenye hizo baiti 18 kuna vitu vitatu ninavyotaka mvishike: namba ya kampuni iliyotengeneza, namba ya bidhaa, na kundi la kifaa. Namba ya kampuni kwenye Windows utaiona imeandikwa VID, ya bidhaa PID. Namba za makampuni zinagawiwa na shirika linaloitwa USB-IF, kampuni inalipia ndio inapewa ya kwake. Namba za bidhaa kampuni inajipangia yenyewe.

Kwa hiyo kuna hatua tatu: hodi, jina, halafu ndio anatafutwa mkalimani wa kuongea na huyo mgeni. Mkalimani ndio draiva. Ugonjwa ukitokea hatua ya hodi, ya jina, au ya mkalimani, dalili zake ni tofauti kabisa. Tuzipitie kwa visa, maana maneno matupu hayakai.

Nina mteja ana duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa na printa ndogo ya risiti, imefanya kazi miaka miwili bila shida. Siku moja akaamua kuhamisha kompyuta iende chumba cha ndani, vumbi la saruji lilikuwa linamuulia feni, kaunta akaacha printa peke yake. Akanunua kebo ya kuongezea ya mita 5 akaunga kwenye ile ya mita 3 iliyokuwepo. Akawasha, "USB device not recognized". Kijana wake akadanlodi draiva, akainstoli, wapi. Akadanlodi nyingine, wapi. Akapiga chini Windows akaweka upya! Jamani, kazi ya siku nzima, mauzo yote yakaandikwa kwenye daftari. Printa ikawa inataka kutupwa.

Nilipofika nilifanya kitu kimoja tu kwanza. Nilibofya kitufe cha kulia kwenye Start, nikachagua Device Manager, nikakuta chini ya Universal Serial Bus controllers kuna kitu kina pembetatu ya njano kimeandikwa:

```
Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)
```

Nikabofya mara mbili, nikaenda Details, pale kwenye Property nikachagua Hardware Ids. Ikasomeka hivi:

```
USB\VID_0000&PID_0002
```

Oneni hapo. VID_0000. Kuna kampuni ina namba 0000? Hakuna. Hiyo namba haikutoka kwenye printa, Windows yenyewe imeijaza pale kwa sababu iliuliza wewe ni nani ikarudia kuuliza, jibu halikueleweka. Ukiona VID_0000, acha kutafuta draiva papo hapo. Utatafuta draiva ya nani? Na ukirudi kwenye kichupo cha General utakuta maneno haya, "Windows has stopped this device because it has reported problems. (Code 43)". Hii Code 43 ikiwa pamoja na VID_0000 maana yake hodi ilisikika, jina halikusikika.

Sasa kwa nini halikusikika? Mita 3 na mita 5 ni mita 8. Kebo ya USB 2 kikomo chake ni mita 5. Hodi ni volti iliyotulia tu kwenye waya, hiyo inafika hata mita 8 bila taabu. Lakini jina linakuja kwa mapigo ya haraka, milioni kadhaa kwa sekunde, na jibu linatakiwa kurudi ndani ya muda maalumu, na kwenye kebo ndefu yenye nyaya nyembamba mapigo yanafika yamechoka, yamepotoka na yamechelewa. Ndio maana kompyuta inajua kuna mtu ila haijui ni nani. Nikachomoa vyote, nikachukua kebo yangu ya mita moja na nusu nikabeba ile kompyuta yake mpaka kaunta, nikachomeka. Ile VID_0000 ikapotea, printa ikajitaja, draiva ileile ya zamani ikaichukua, risiti ikatoka. Tukamrudishia kompyuta karibu na kaunta, tukaitafutia feni kichujio cha kitambaa.

Hii hii inaelezea na kebo iliyokatika nusu. Mmeshaona kebo ambayo ukiikunja pembe fulani kifaa kinatambulika, ukiiachia kinakuwa Unknown? Fikirieni zile nyaya mbili. D+ nzima, D- imekatika. Hodi inapita kwenye D+ peke yake, kompyuta inasikia vizuri. Maongezi yanahitaji zote mbili, hayapiti. Matokeo ni Code 43. Na ile kebo ya kuchajia simu tu, isiyo na nyaya za data kabisa? Hapo hata hodi hakuna, kompyuta haitoi mlio, haitoi ujumbe, Device Manager haitikisiki, ila taa ya kifaa inawaka maana umeme unapita. Kifaa kuwaka taa sio ushahidi kwamba kompyuta imekiona. Naomba hilo lishikwe maana wateja wengi wanakuja wakisema "lakini fundi mbona kinawaka".

Kwa hiyo ukiona VID_0000 unafuata mpangilio huu na mimi siuruki: kebo nyingine fupi, poti nyingine ya nyuma ya mashine iliyo moja kwa moja kwenye ubao mama, bila kile kigawanyo cha poti nne, halafu kompyuta nyingine. Ikikataa kwenye kompyuta mbili kwa kebo nzima, kifaa chenyewe kina shida, soketi imelegea au chipu imekufa. Ikikataa kwenye kompyuta moja tu na poti zake zote, hapo zima kabisa, chomoa umeme, kwa laptopu shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kama 15, ujaribu tena, maana poti nazo huwa zinaganda. Na mara chache, sisemi haipo, inakuwa ni draiva ya poti zenyewe za ile kompyuta au mpangilio wa kuzima poti ili kuokoa betri. Lakini draiva ya printa? Hapana.

Umeme nao ni sababu, niutaje haraka. Kifaa kabla hakijakubaliwa kinaruhusiwa kula miliampia 100 tu. Kikishajieleza kinataja kinataka kiasi gani, na poti ya USB 2 mwisho wake ni 500. Hadidiski ya nje ikiwa kwenye kigawanyo kisicho na adapta yake, pamoja na modemu na feni ya USB, wanagawana hizo 500 na waya mmoja. Diski inaanza kuzunguka, volti inashuka, inazima, inapiga hodi tena. Utasikia ule mlio wa kuchomeka na kuchomoa unajirudia kama saa mbovu. Mlio unaojirudia bila wewe kugusa kitu, shuku umeme kwanza.

Sasa twende kwa jina lililosikika.

Kuna binti wa chuo alikuja na kile kibao kidogo cha kujifunzia umeme, ubao wa Arduino ule wa bei nafuu wa Kichina, mradi wake wa mwisho wa masomo, anatakiwa kuuonyesha Jumatatu. Akasema kaka mimi nimeshabadilisha kebo tatu, nimeambiwa na watu kwamba Unknown ni kebo. Mnaona? Alipewa dawa ya ugonjwa wa kwanza wakati anaumwa wa pili. Nikafungua Device Manager, safari hii kitu hakikuwa chini ya Universal Serial Bus controllers, kilikuwa chini ya Other devices, kimeandikwa USB2.0-Serial, na pembetatu yake. Kwenye General: "The drivers for this device are not installed. (Code 28)". Nikaenda Details, Hardware Ids:

```
USB\VID_1A86&PID_7523
```

Hii sio sifuri. Huyu amejitaja, tena vizuri kabisa. 1A86 ni namba ya kampuni ya Kichina ya WCH, na 7523 ni chipu yao inayoitwa CH340, kazi yake ni kugeuza USB kuwa ile mawasiliano ya mfululizo ya zamani ambayo ubao unaelewa. Kebo ni nzima, poti ni nzima, chipu ni nzima. Maana yangekuwa mabovu, jina lingepita wapi? Kinachokosekana ni mkalimani tu.

Hapa kuna swali zuri ambalo mzee mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: mbona flashi haiombi draiva kamwe? Flashi ya kampuni yoyote, hata isiyo na jina, inafunguka. Jibu ni lile kundi. Kifaa kinapojieleza kinaweza kusema mimi ni wa kundi fulani linalojulikana, nafuata taratibu za kundi hilo. Kibodi na mausi ni kundi 03. Printa ni 07, ingawa yenyewe bado huwa inahitaji draiva yake ya kuchapa. Flashi na diski ni 08. Windows inakuja na mkalimani wa kila kundi la hayo yaliyozoeleka, kwa hiyo haijali VID ni ya nani. Lakini kuna kundi FF, maana yake ni "mimi nina lugha yangu ya nyumbani, muulize aliyenitengeneza". CH340 inajitaja FF. Hapo Windows haina ujanja, lazima ipate mkalimani wa lugha hiyo hiyo.

Na inampataje? Kila draiva inakuja na faili la maandishi linaloishia na .inf, ukilifungua kwa Notepad unalisoma. Ndani yake kuna orodha ya majina ambayo draiva hiyo inayajua. Windows inachukua jina la mgeni, inapekua mafaili yake ya .inf yaliyopo kwenye diski, ikiwa na intaneti inauliza na Windows Update, inatafuta mstari wenye jina lilelile. Ikipata VID na PID zinazolingana kabisa inachukua hiyo. Isipopata inashuka kwenye kundi. Isipopata na hapo, Code 28. Ndio habari yote ya pembetatu ile. Haina uchawi, ni kulinganisha maandishi.

Binti hakuwa na bando, Windows Update haikufika, basi. Nikachukua simu yangu nikaandika gugo VID_1A86 PID_7523, sikuandika "draiva ya Arduino", niliandika namba. Nikaenda kwenye tovuti ya WCH wenyewe, nikachukua faili dogo tu, nikaweka. Ndani yake kuna CH341SER.INF, na ukiifungua unakuta USB\VID_1A86&PID_7523 imeandikwa mle. Kule Device Manager ikahama yenyewe, ikatoka Other devices ikaenda Ports (COM & LPT), ikaandikwa USB-SERIAL CH340 (COM3). Dakika kumi. Na mwenye Linux asingehitaji hata hilo, mkalimani wa CH340 yumo ndani tayari, ukiandika dmesg unaona:

```
usb 1-2: New USB device found, idVendor=1a86, idProduct=7523
ch341 1-2:1.0: ch341-uart converter detected
```

Wakati ule mgonjwa wa kwanza wa kebo ndefu, Linux ingemwandikia "device descriptor read/64, error -71". Ugonjwa uleule, maneno tofauti.

Sasa naomba nikemee kitu hapa, na nakemea kwa upendo. Zile programu za "tafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja" tunazobeba kwenye flashi. Nimesafisha mashine nyingi sana zilizoharibiwa na hizo, kivinjari kimejaa matangazo, draiva ya kadi ya sauti imebadilishwa na ya mashine nyingine. Una VID na PID, una kompyuta yenyewe inakwambia jina kamili la unayemtafuta, ya nini kumwachia mtu baki akuchagulie? Namba mbili, tovuti ya mtengenezaji, basi.

Lakini msije mkadhani jina ni ukweli. Jina ni kauli ya kifaa tu, kompyuta haina njia ya kuhakikisha. Mwaka 2014 kilitokea kisa ambacho kila fundi anatakiwa kukijua. Kuna kampuni inaitwa FTDI, inatengeneza chipu za kazi ileile ya CH340, VID yao ni 0403. Chipu zao zinapendwa, kwa hiyo zikaigwa, soko likajaa za bandia zinazojitaja 0403 na PID 6001 kama za halali, na draiva ya FTDI ikawa inazihudumia bila kujua. Mwaka huo ikatoka draiva mpya, ikawafikia watu kupitia Windows Update kimya kimya. Draiva hiyo ilipokutana na chipu ya bandia iliiandikia PID mpya: 0000. Iliandika ndani ya chipu yenyewe! Kwa hiyo hata ukiihamishia kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuwa na draiva hiyo, inajitaja PID_0000, na hakuna mkalimani anayemjua mtu huyo. Watu wakaamka asubuhi vifaa vyao vimekufa, wengi hata hawakujua kwamba walinunua bandia. Kelele zikawa kubwa draiva ikaondolewa. Waliorudisha vifaa vyao walitumia programu ya kuiandika namba upya.

Angalieni tofauti yake na VID_0000 ya kebo. Hapa VID ni 0403, nzima, PID ndio sifuri. Ukisoma namba yote unajua ni kisa gani, ukisoma nusu unabadilisha kebo mpaka jioni.

Na kuna upande wa hatari zaidi. Mwaka huohuo wa 2014, kwenye mkutano wa Black Hat kule Las Vegas, watafiti wawili, Karsten Nohl na Jakob Lell, walionyesha kwamba flashi ya kawaida kabisa ya dukani chipu yake inaweza kuandikwa upya ikajitaja kundi 03 badala ya 08 peke yake. Yaani umbo ni flashi, hodi ni ya flashi, lakini ikiulizwa wewe ni nani inajibu mimi ni kibodi. Kompyuta inamwamini. Halafu kibodi hiyo inaanza kuchapa amri yenyewe, haraka kuliko kidole chochote. Antivairasi inapekua mafaili ya flashi haioni kitu, kwa sababu kitu hakipo kwenye mafaili. Dada zangu wa steshenari mnaopokea flashi 50 kwa siku, mnisikilize. Ukichomeka flashi, fungua Device Manager angalia chini ya Keyboards. Kama kulikuwa na moja zikawa mbili, na wewe hujachomeka kibodi, chomoa hiyo flashi usiulize maswali.

Swali moja la mwisho nililoulizwa na mama mmoja mwenye duka la fotokopi, nalijibu maana wengi waliitikia kwa vichwa. Anasema printa yangu ipo sawa, ila nikisafisha meza nikachomeka poti nyingine, kompyuta inasema inaweka kifaa kipya, halafu kwenye orodha naona printa mbili, moja ina maneno (Copy 1), na ile ya kwanza haichapi. Je imeharibika? Hapana mama, haijaharibika. Kwenye zile baiti 18 kuna nafasi ya kusema kama kifaa kina namba yake binafsi, namba ya mfululizo. Vifaa vingine vinayo, vingi vya bei nafuu havina. Kikiwa nayo, Windows inakitambua popote utakapochomeka, ni yuleyule. Kisipokuwa nayo, Windows inajua ni printa ya aina ile ila haijui kama ni ileile ya jana, mapacha wawili hawana alama, kwa hiyo inamtambulisha kwa mlango alioingilia. Akibadilisha mlango anaandikishwa upya kama mgeni. Kazi ulizotuma kwa jina la zamani zinasubiri kwenye mlango usio na mtu. Rudisha kebo kwenye poti ya mwanzo, zitatoka zote kwa mpigo, halafu chukua kalamu ya rangi weka alama kwenye ile poti na kwenye plagi yake, na ile (Copy 1) uifute.